Barua 43 za Mwenyekiti Mpya

Mwenyekiti mpya wa chombo cha watumia maji alichaguliwa mwezi Mei. Mjadala wa kununua pampu ya kisima cha kijiji ulikuwa umeanza tangu Februari, kwa barua pepe na kwa Kiingereza. Wanaojadiliana ni watu sita: mhazini na mhandisi wa kikundi cha marafiki kilichoko Ujerumani, muuzaji wa pampu aliyeko Dar es Salaam, na watatu walioko mkoani Singida, yaani katibu wa chombo, afisa wa RUWASA wilayani na msimamizi wa kampuni iliyochimba kisima. Barua zimefika 43. Mwenyekiti anasoma Kiswahili vizuri, Kiingereza hakijui, na Ijumaa ya tarehe 7 Juni 2024 anatakiwa aweke sahihi. Katibu amechapisha rundo zima, kurasa 118, akampelekea mfasiri na agizo moja: tafsiri yote, asije mtu akasema mwenyekiti kafichwa jambo.

Mjadala huu nimeutunga ili tuufuate hatua kwa hatua, ila kila kinachotokea ndani yake hutokea katika mijadala halisi ya miradi, ya mizigo bandarini, ya mirathi ya familia zilizotawanyika nchi tatu. Hofu ya katibu ni ya haki kabisa. Dawa aliyoichagua ndiyo itakayomficha mwenyekiti mambo.

Tazama kwanza zile kurasa 118. Mtu anapojibu barua pepe, programu humwekea barua ya mwenzake chini ya jibu lake, na chini ya hiyo ile iliyotangulia, hadi mwanzo. Barua ya 43 ina mistari miwili ya shukrani, lakini ikichapishwa inatoka na mkia wa kurasa sita. Ukitafsiri rundo lote, sentensi moja ya Februari utaitafsiri mara kumi na kitu, na mwenyekiti ataisoma mara kumi na kitu, na kadiri anavyoirudia ndivyo itakavyomkaa kichwani kuwa hilo ndilo neno lenyewe.

Hapo ndipo hatari ilipo. Barua ya 3 inasema kisima kinatoa lita 6,000 kwa saa na pampu iwe ya kiasi hicho. Barua ya 27 inasema kisima kinatoa lita 4,000. Tafsiri sanifu ya barua zote mbili itaziweka sawa kwa sawa, kila moja ikiwa na Kiswahili chake safi. Mfasiri atakuwa hajakosea hata neno moja, na mwenyekiti atakuwa na pampu mbili kichwani.

Kwa hiyo kazi inaanza na muhtasari. Watu wa vikao wanalijua jambo hili tangu zamani: kikao kikiisha, katibu haandiki kila neno lililosemwa, anaandika kilichoazimiwa, nani atakitekeleza na lini. Mjadala wa barua pepe ni kikao kilichokaa miezi minne bila katibu. Anayeuandikia muhtasari ndiye anayekuwa katibu wake, akiwa amechelewa, na kabla hajafikiria Kiswahili inabidi ajue kikao kiliamua nini.

Muhtasari huo wa kwanza unaandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mjadala wenyewe. Wafasiri wengi huruka hatua hii. Wanasoma Kiingereza na kuandika muhtasari papo hapo kwa Kiswahili, na kwa barua moja ya mistari kumi hakuna ubaya. Kwa mjadala wenye fedha na sahihi ndani yake, njia hiyo inaacha pengo: mhandisi, mhazini na muuzaji wanaoweza kushuhudia kwamba muhtasari ni wa kweli hawasomi Kiswahili vya kutosha, na mwenyekiti anayesoma Kiswahili hakuwepo. Maandishi yanakuwa hayana mkaguzi. Muhtasari wa Kiingereza unaweza kurudishwa kwa mtu aliyekuwamo, akaupitia kwa dakika kumi na kusema hapa sawa, hapa sivyo. Ukishathibitishwa hivyo, unatafsiriwa. Baadaye likizuka kosa, utajua pia lilizaliwa wapi, kwenye kufupisha au kwenye kutafsiri.

Kukusanya barua ndiko kunakokula muda kuliko watu wanavyodhani. Rundo la katibu lina kasoro ambayo kwa macho haionekani. Yeye alichapisha barua ya mwisho pamoja na mkia wake, akaamini mkia una kila kitu. Mkia una tawi moja tu. Mara mtu mmoja anapobonyeza Reply badala ya Reply all, tawi linachipuka pembeni, na walioachwa nje hawapati hata dalili kwamba kuna mazungumzo yanaendelea. Katika mjadala wetu ndivyo ilivyokuwa katikati ya Aprili: msimamizi wa uchimbaji alipeleka matokeo ya kupima wingi wa maji kwa mhandisi peke yake. Mhandisi akamjibu kesho yake, akiwarudisha wengine baadhi. Muuzaji hakuwamo. Kwa wiki mbili nzima aliendelea kupiga hesabu za pampu ya lita 6,000 huku Ujerumani wakizungumza juu ya lita 4,000, na ukisoma barua zake bila kujua hilo utadhani ni mbishi.

Mfasiri huomba basi kila aliyehusika amtumie barua alizo nazo, hasa zile alizotumiwa peke yake. Kisha anazipanga kwa tarehe. Kichwa cha habari hakisaidii, kwa sababu watu hujibu juu ya barua yoyote waliyoikuta karibu. Kinachosaidia ni maelezo ya ndani ambayo kila barua pepe hubeba. Kwenye Gmail yanafunguka kwa kubonyeza nukta tatu pembeni ya barua na kuchagua Show original. Ya barua ya 27, nikiyafupisha, yangekuwa hivi:

```
Date: Tue, 16 Apr 2024 17:12:00 +0200
Subject: Re: Re: Visit in March
Message-ID: <27@example.org>
In-Reply-To: <19@example.org>
```

Kichwa cha habari kinataja ziara ya Machi, na ndani kuna habari nzito kuliko zote za mradi. Mstari wa mwisho unaonyesha barua hii ilijibu ipi: ile ya 19, si ya 26 iliyoitangulia. Hilo linatosha kukujulisha kuwa ni tawi, na kwamba barua 20 hadi 26 ziliandikwa na watu ambao huenda hawakuwa na habari hizi. Na ile +0200 mwishoni mwa tarehe ni tofauti ya saa ya mwandishi na saa ya dunia. Tanzania ni +0300, kwa hiyo barua iliyoandikwa saa 17:12 kule ilifika Singida saa 12 na dakika 12 jioni.

Viambatisho navyo vinapotea kimya kimya. Mtu akijibu barua yenye kiambatisho, kiambatisho hakiendi na jibu; akiipeleka mbele kwa Forward, kinakwenda. Ripoti ya kupima wingi wa maji ilikuwa imeambatishwa kwenye barua moja tu. Watu wanne waliitaja, wawili waliifungua.

Baada ya hapo ni kusoma, na mimi nashauri kuanzia mwisho. Barua tano za mwisho zinaonyesha mwenyekiti anatakiwa afanye nini, na ukishalijua hilo unajua cha kutafuta unaporudi barua ya 1 kusoma kwa mfululizo. Ile mikia unaweza kuipita, lakini si ya kila mtu. Wako wanaojibu katikati ya mkia, chini ya kila swali la mwenzao, na juu kabisa wanaandika tu kwamba majibu yako hapo chini. Mhandisi wetu ni mmoja wao. Anayekata mikia yote atakata na majibu yake.

Kila barua inapewa namba na mstari mmoja kwenye karatasi ya kazi: tarehe, mwandishi, na jambo jipya alilolileta. Jambo jipya likikosekana, mstari unabaki mtupu. Katika 43 hizi, 17 zingebaki tupu: shukrani, taarifa za safari, salamu za Pasaka. Zilizobaki 26 ndizo mjadala.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, ambayo watu huidhania kuwa ni kupunguza maneno. Urefu ni jambo la mwisho. Kinachotafutwa ni hali ya kila kauli: hili ni pendekezo, hili ni ahadi, hili ni ahadi yenye sharti, hili limeamuliwa, hili lilikuwa uamuzi likafutwa. Barua pepe haziandiki hali hizo waziwazi. Wakati mwingine hata waandishi wenyewe wanazikosea.

Chukua suala la fedha. Pampu ya lita 6,000 pamoja na paneli zake za jua na ufungaji ilikuwa na bei ya shilingi 46,000,000. Ilipobadilishwa kuwa ya lita 4,000, bei ikashuka hadi 38,500,000. Zimebaki 7,500,000. Katika barua ya 29 katibu anapendekeza fedha hizo zivute umeme wa TANESCO hadi kisimani. Barua ya 31 mhazini anajibu kwamba ni wazo zuri na atalipeleka kwenye kamati yao. Barua ya 34 muuzaji, akipanga ratiba, anaandika kwamba kwa vile umeme utavutwa kwa fedha iliyobaki, ataleta kidhibiti cha pampu kinachopokea jua na umeme wa TANESCO. Barua ya 38 afisa wa RUWASA anazungumzia fedha ya umeme iliyokubaliwa. Barua ya 41 katibu mwenyewe, aliyeanzisha wazo, anaandika kama mtu aliyekwisha pewa.

Tafuta barua ambayo kamati ya Ujerumani ilikubali. Haipo. Kuanzia barua ya 31 hadi ya 43 mhazini hakuligusa tena jambo hilo. Pendekezo limegeuka uamuzi kwa kurudiwa tu, na kila mmoja aliyelirudia alikuwa mkweli moyoni mwake.

Njia ya kuligundua ni kurudi nyuma. Kila kauli iliyoandikwa kana kwamba imekwisha, ifuatwe hadi barua ilipotokea mara ya kwanza. Andika kiasi chenyewe kwenye sehemu ya kutafutia, uone kila barua iliyokitaja. Kisha jiulize: mwenye mamlaka ya kulitoa jambo hili ni nani, na yeye aliandika nini? Fedha ni ya kamati ya Ujerumani, kwa hiyo neno la katibu, la muuzaji wala la afisa haliwezi kuifanya iwe imetolewa. Muhtasari utaandika kwamba fedha ya umeme imependekezwa, imepelekwa kamatini, jibu halijapatikana. Mistari miwili hiyo ina faida kwa mwenyekiti kuliko kurasa 118, maana asingeiona ataweka sahihi kwenye mkataba wa kidhibiti cha umeme ambao hauna fedha ya nguzo.

Kupokea si kukubali, na hili nalo linapotosha mihtasari mingi. Katika barua ya 22 katibu alimwomba muuzaji amfundishe fundi wa kijiji kwa siku tatu bila malipo. Muuzaji alijibu kwa neno moja lenye maana kwamba ujumbe umefika. Akaendelea na mambo mengine. Kwa heshima za kwetu, asiyekataa anahesabiwa ameridhia. Katika barua za biashara, aliyesema ameona hajajifunga kwa lolote. Muhtasari usimwekee maneno mdomoni. Uandike kwamba aliombwa, akathibitisha kupokea, hajajibu.

Yaliyofutwa yafanywe nini? Mengi yaachwe. Mwenyekiti hana haja ya kujua kwamba Februari walifikiria pampu ya mkono. Lakini jambo lililofutwa likiwa bado linaishi mahali fulani, kwenye karatasi au vichwani mwa watu, lazima litajwe pamoja na sababu ya kufa kwake. Lita 6,000 ni la aina hiyo, kwa kuwa kiasi hicho kimo kwenye hati ya bei ya kwanza iliyobandikwa ofisini, na kijijini watu wanakisema.

Sababu yake ni ya kitaalamu na inaelezeka kwa sentensi chache. Siku ya kumaliza kuchimba, wachimbaji walisukuma maji nje kwa upepo wa kompresa wakakadiria lita 6,000 kwa saa. Huo ulikuwa mtiririko wa muda mfupi, wakati kisima kimejaa. Mwezi Aprili walipima kwa pampu saa 24 mfululizo huku wakifuatilia kina cha maji. Kwa lita 6,000 maji yaliendelea kushuka bila kutulia, kwa lita 4,000 yalishuka yakatulia. Pampu kubwa ingeyafikisha maji chini hadi kwenye pampu yenyewe, ikazunguka kavu na kuungua. Mwenyekiti akiwa na maelezo hayo anaweza kusimama mbele ya mkutano wa kijiji. Akiwa na tarakimu mpya peke yake ataulizwa nani kala lita 2,000.

Kabla muhtasari haujatoka kwenye Kiingereza, kuna jambo la kurekebisha ambalo lugha zenyewe zinalilazimisha. Kiingereza kinatenganisha yeye wa kike na yeye wa kiume, Kiswahili hakitenganishi. Mhandisi wetu ni mwanamke, muuzaji ni mwanamume, na barua ya 36 ina sentensi inayowataja wote wawili kwa viwakilishi tu: huyu akikubali mchoro, yule atamtumia hati naye ataipitia. Kwa Kiingereza inaeleweka. Kwa Kiswahili kila kitenzi kinaanza vilevile, na msomaji hawezi kujua nani anampitishia nani. Rekebisha mapema: kila mahali penye kiwakilishi, weka cheo. Mhandisi akikubali mchoro, muuzaji atamtumia mhandisi hati ya mwisho. Fanya vivyo hivyo kwa neno la sisi, ambalo mhazini akiliandika huenda ana maana ya kamati yake, na huenda ana maana ya wote sita. Ukishindwa kujua, muulize. Usichague kwa kubahatisha.

Kisha muhtasari unakwenda kwa mkaguzi. Mmoja anatosha, lakini asiwe yule ambaye muhtasari unamgusa zaidi. Katibu ana maslahi yake kwenye ile fedha ya umeme. Mhandisi hana, na amesoma karibu barua zote. Yeye ndiye wa kuulizwa, kwa maswali mahususi: je, ni kweli kamati haijajibu? Je, bei ya 38,500,000 imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani? Swali la pili kati ya haya halina jibu katika barua zote 43, na kodi hiyo Tanzania Bara ni asilimia 18 kwa kawaida, ingawa vipo vifaa vya umeme wa jua vilivyosamehewa. Jambo ambalo hakuna aliyelijibu linaingia kwenye muhtasari kama swali lililo wazi.

Tafsiri sasa ni fupi. Karatasi atakayopewa mwenyekiti inaweza kuwa hivi:

*Ndugu Mwenyekiti, salaam. Huu ni muhtasari wa barua pepe 43 kuhusu pampu ya kisima, kuanzia tarehe 12 Februari hadi 31 Mei 2024. Umepitiwa na mhandisi. Namba zilizo kwenye mabano ni za barua, ukitaka kuona ilipoandikwa.*

*Unachotakiwa kufanya: kusaini au kukataa mkataba wa ununuzi kabla ya Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024, saa 12 jioni kwa saa za Tanzania (42).*

*Yaliyoamuliwa: pampu ya kuzamisha ya lita 4,000 kwa saa badala ya lita 6,000, kwa sababu kipimo cha saa 24 cha mwezi Aprili kilionyesha kisima hakihimili zaidi (27, 33). Bei shilingi 38,500,000 pamoja na paneli na ufungaji (35). Kikundi cha Ujerumani kitalipa nusu mkataba ukisainiwa na nusu baada ya pampu kufanya kazi siku 14 (37).*

*Yasiyoamuliwa: shilingi 7,500,000 zilizobaki. Katibu alipendekeza zivute umeme hadi kisimani (29). Mhazini alisema ataipelekea kamati yake (31). Kamati haijajibu. Barua za 34, 38 na 41 zinazungumza kana kwamba imekubali. Hakuna barua inayoonyesha hivyo.*

*Maombi yasiyojibiwa: siku tatu za mafunzo kwa fundi wa kijiji (22). Kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani: haikuulizwa wala kuelezwa.*

*Kwa nini umeme unazungumzwa: kwa jua la saa sita pampu itatoa kama lita 24,000 kwa siku. Wakazi 1,400 kwa lita 25 kila mmoja wanahitaji lita 35,000. Upungufu ni lita 11,000, karibu saa tatu za kusukuma kwa umeme (33).*

Mistari hiyo ni chini ya kurasa mbili. Mpangilio wake unaanza na sahihi kwa sababu hilo ndilo mwenyekiti analodaiwa. Historia inafuata pale tu inapoelezea uamuzi. Saa ya mwisho iliandikwa kwenye barua kuwa saa 17:00 ya Ujerumani. Wakati wa kiangazi chao wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ni saa 12 jioni kwetu. Ingekuwa Desemba ingekuwa saa 1 usiku. Mwezi umeandikwa kwa jina, kwa maana barua moja ya muuzaji iliandika 6/7 na nyingine 7/6, na hakuna anayeweza kuapa kwamba kompyuta yake inatanguliza siku au mwezi.

Yapo maneno ambayo hayafupishwi. Mkataba utakaosainiwa unatafsiriwa wote, kifungu kwa kifungu, na pembeni inaandikwa kwamba nakala yenye nguvu ni ipi. Sentensi yenye sharti nayo inatafsiriwa nzima. Barua ya 37 inasema nusu ya kwanza italipwa mkataba ukisainiwa *endapo* RUWASA wilaya itakuwa imethibitisha mchoro kwa maandishi. Nimeiacha endapo hiyo nje ya karatasi ya hapo juu makusudi, ili msomaji aone jinsi inavyopotea kirahisi: sentensi imesomeka vizuri, na mwenyekiti angesaini akisubiri fedha isiyokuja. Kabla ya kukabidhi karatasi, pita mara moja kwenye barua za asili ukitafuta masharti peke yake, na kila sharti ulirudishe mahali pake. Mstari ule unapaswa kuwa: *Kikundi cha Ujerumani kitalipa nusu mkataba ukisainiwa, endapo RUWASA wilaya itakuwa imethibitisha mchoro kwa maandishi (37). Uthibitisho huo haujaonekana katika barua hizi.*

Na yapo ya kuacha. Barua ya 25 mhazini, akimwandikia mhandisi peke yake, analalamika juu ya mwenyekiti aliyemaliza muda. Barua hiyo imefika kwa mfasiri kwa sababu aliomba barua zote. Haihusu pampu, haikuandikwa kwa macho ya kijiji, na kuiingiza ni kuvunja uaminifu. Lakini malalamiko yakiwa na jambo la kazi ndani yake, kwa mfano kwamba stakabadhi za mwaka uliopita hazijapelekwa, mfasiri anamwomba mhazini ruhusa ya kulitaja jambo hilo pasipo maneno yaliyolizunguka. Katibu aliyetaka yote yatafsiriwe anaelezwa kwamba barua zote za mjadala wa pamoja zimehifadhiwa, na kila mstari wa muhtasari una namba ya kurudia. Mwenyekiti akitaka barua ya 31 neno kwa neno, inatafsiriwa siku hiyohiyo.

Utajua kama karatasi imefanya kazi kwa maswali yatakayorudi. Mwenyekiti akiuliza kwa nini si lita 6,000, sababu haikuandikwa vya kutosha. Akijibu jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, sehemu ya anachotakiwa kufanya haikuwa wazi. Akiuliza kama kamati ya Ujerumani inakaa lini, amesoma sawasawa.

Jibu lake litakuwa kwa Kiswahili, na litatafsiriwa kwenda Kiingereza likapelekwa kwa wote sita kwa Reply all, juu ya barua ya 43, muhtasari wa Kiingereza ukiwa umeambatishwa. Hapo mhazini atasoma kwa mara ya kwanza kwamba watu watatu wamekuwa wakiitumia ahadi ambayo kamati yake haijaitoa, na siku mbili zitakuwa zimebaki kabla ya Ijumaa.